Mbili kwa Kipeo cha Kipeuo

Kwenye kinanda cha kwaya, kutoka kitufe kimoja hadi jirani yake, kiwe cheupe au cheusi, sauti hupanda hatua moja. Hatua kumi na mbili zikitimia, sikio husikia sauti ileile iliyoanza, ila sasa imepanda juu, kama mtoto anavyoimba na baba yake wimbo mmoja kila mtu kwa sauti yake. Wanamuziki huuita mwachano huo okteva. Kitufe cha A kilicho karibu na katikati ya kinanda hutoa mitetemo 440 kwa sekunde. A inayofuata juu yake hutoa 880, na ya juu zaidi hutoa 1760. Kupanda okteva moja, basi, ni kuzidisha mitetemo kwa 2. Kupanda okteva mbili ni kuzidisha kwa 4, na okteva tatu kwa 8.

Hatua moja ya kinanda ni sehemu ya kumi na mbili ya okteva. Watengenezaji wa vinanda wanataka hatua zote zilingane, kwa hiyo wanahitaji namba moja ambayo ukiitumia kuzidisha mara kumi na mbili mfululizo unafika kwenye 2. Namba hiyo ni 1.05946 na desimali nyingine nyingi zinazofuata. Anayepanda hatua 17 kutoka A ya 440 huitumia mara 17, jumla inakuwa kuzidisha kwa 2.66968, na kinanda kinatoa mitetemo 1174.66. Kitufe hicho ni D.

Mpiga fidla wa taarab hana vitufe. Anaweza kuweka kidole juu ya uzi na kukitelezesha, na sauti hupanda bila kuruka. Kati ya hatua ya 16, yenye mitetemo 1108.73, na hatua ya 17, kidole chake hupita kila kimo kilichopo. Kimojawapo ni kimo cha okteva √2, yaani kipeuo cha pili cha 2, ambacho ni kama hatua 16.97 za kinanda. Hakuna kitufe cha kimo hicho, na hata mtu akitengeneza kinanda chenye hatua 100 au 1000 zilizo sawa ndani ya kila okteva, bado hakitakuwepo. Lakini kidole kimepita hapo, na sauti haikukatika. Mitetemo ilikuwa imezidishwa kwa namba gani?

Wanahisabati wanaijibu hivi: kwa 2^√2. Alama ^ inasomwa "kwa kipeo cha". Kuiandika ni rahisi. Kazi ni kusema ina maana gani.

Shuleni kipeo huanza kama ufupisho. Badala ya kuandika 2 × 2 × 2, mwanafunzi anaandika 2 yenye 3 ndogo juu yake, na anaambiwa kwamba ile 3 inahesabu mbili ngapi zimezidishwa pamoja. Kwa namba kamili maelezo hayo yanatosha. Yakifika kwenye nusu yanakwama, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuandika nusu ya orodha yenye 2 moja. Hapo walimu hubadilisha mwendo, mara nyingi bila kusema kwamba wameubadilisha. Wanaacha kuhesabu na kushika kanuni moja: kuzidisha vipeo vya namba moja ni kujumlisha. Mara 2^3 na 2^4 zikizidishwa, mbili tatu na mbili nne zinakuwa mbili saba, yaani 2^7. Kanuni hiyo ilizaliwa katika kuhesabu, lakini ikishazaliwa inaweza kutembea yenyewe.

Ikiwa kanuni itaheshimiwa hata kwa nusu, basi 2^(1/2) ikizidishwa na nafsi yake lazima itoe 2^1, yaani 2. Namba chanya yenye tabia hiyo ni moja tu, nayo ni √2. Hakuna aliyechagua, kanuni imelazimisha. Vivyo hivyo 2^(1/12) lazima iwe ile namba ya mtengeneza vinanda. Na 2^(7/5) ni kipeuo cha tano cha 2^7, yaani namba ambayo tano za namna yake zikizidishwa pamoja zinatoa 128. Ni 2.63902.

Hapa pana swali ambalo mwanafunzi makini huuliza. Sehemu 7/5 ni sawa na 14/10. Je, kipeuo cha kumi cha 2^14 nacho kitatoa jibu lile lile? Kipeo cha 14 cha 2 ni 16384, na kipeuo chake cha kumi ni 2.63902. Limefanana, na si kwa bahati: 128 ikizidishwa na nafsi yake ni 16384, kwa hiyo namba ambayo tano zake zinatoa 128, kumi zake zitatoa 16384. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini litaonekana baadaye jinsi ujenzi wote unavyoporomoka pale lisipokuwepo.

Kwa njia hiyo kila sehemu, yaani kila namba inayoandikika kama namba kamili juu ya namba kamili, inapata nafasi yake kwenye kipeo. Namba √2 haimo kati ya hizo. Wagiriki wa kale walijua kwamba ulalo wa mraba haupimiki kwa sehemu yoyote ya ubavu wake, na hoja yao bado inafundishwa: ingekuwa √2 ni sehemu iliyokwisha kurahisishwa, basi namba ya juu ikizidishwa na nafsi yake ingekuwa maradufu ya ile ya chini ikizidishwa na nafsi yake, hilo linailazimisha namba ya juu igawanyike kwa 2, kisha na ya chini igawanyike kwa 2, ilhali tulisema sehemu imesharahisishwa. Kwa hiyo pale kwenye 2^√2 hakuna "kipeuo cha ngapi" cha kutafuta. Kanuni ya kujumlisha vipeo, iliyotuvusha kutoka kuhesabu hadi kwenye sehemu, imefika ukingoni.

Kinachovusha sasa ni mpangilio. Kati ya sehemu mbili, iliyo kubwa hutoa kipeo kikubwa zaidi. Sababu yake ni nyepesi: kutoka sehemu ndogo hadi kubwa ni kupanda hatua kadhaa ndogo, na kila hatua ni kuzidisha kwa namba iliyo juu ya 1, kama hatua za kinanda. Haiwezekani kupanda ngazi na ukajikuta chini. Basi kama 2^√2 itakuwa namba, na kama haitavunja mpangilio huo, inabidi iwe juu ya kila kipeo kinachotokana na sehemu iliyo chini ya √2, na chini ya kila kipeo kinachotokana na sehemu iliyo juu yake.

Tuitege hatua kwa hatua. Namba √2 iko kati ya 1.4 na 1.5, kwa sababu 1.4 ikizidishwa na nafsi yake ni 1.96 na 1.5 ni 2.25. Kwa hiyo jibu liko kati ya 2^1.4, ambayo ni 2.63902, na 2^1.5, ambayo ni 2.82843. Uwazi ni mpana bado. Ukiongeza tarakimu moja, √2 iko kati ya 1.41 na 1.42, na mtego unabana: 2.65737 na 2.67586. Ongeza nyingine, 1.414 na 1.415: sasa ni 2.66475 na 2.66660. Kwa 1.4142 na 1.4143 ni 2.66512 na 2.66530. Kila namba ya upande wa chini ni kipeo halali cha sehemu, 1.414, kwa mfano, ni 1414/1000, na kwa subira mtu anaweza kukitafuta kipeuo cha elfu cha 2^1414. Upande wa chini unapanda, wa juu unashuka, na tarakimu za mwanzo zinaganda moja baada ya nyingine: 2, kisha 2.6, kisha 2.66, kisha 2.665.

Msomaji mwenye shaka ana haki ya kuuliza: tumejuaje kwamba mtego utaendelea kubana? Huenda kuta mbili zikasogea na kusogea, kisha zikasimama na kuacha mwanya ambamo namba nyingi zinatosha. Jibu liko kwenye hesabu ya riba. Mtu akiweka fedha zinazozaa asilimia 1 kila mwezi, kwa miezi 100 fedha hizo zitafika angalau maradufu: hata kama riba ingehesabiwa juu ya mtaji wa mwanzo tu, ingetimia asilimia 100, na riba juu ya riba inaongeza zaidi. Maana yake ni kwamba 1.01, ikitumiwa kuzidisha mara 100, inavuka 2. Basi 2^(1/100), ambayo mara 100 inafika kwenye 2 kamili bila kuvuka, lazima iwe ndogo kuliko 1.01.

Sasa angalia kuta za 1.41 na 1.42. Zinapishana kwa 1/100, kwa hiyo ukuta wa juu ni ukuta wa chini uliozidishwa kwa 2^(1/100), yaani umeongezeka kwa chini ya asilimia 1. Ukuta wa chini hauwezi kufika 3. Kwa hiyo mwanya ni mdogo kuliko 0.03. Hoja ileile kwa riba ya moja kwa elfu inatoa mwanya ulio chini ya 0.003, kisha chini ya 0.0003, na kuendelea bila kusimama. Mwanya wowote utakaoutaja, uwe mdogo namna gani, kuta zitaubana hata zaidi ya hapo. Namba mbili tofauti haziwezi kuishi pamoja ndani yake.

Anayetaka kuona jambo hili kwa mikono yake hahitaji kompyuta. Kikokotoo cha dukani, kile kidogo chenye kitufe cha √ na cha kuzidisha, kinatosha. Siri ni kuigawa √2 kwa nusu za nusu badala ya sehemu za kumi. Anza na 1. Nusu ikiongezwa ni 1.5, imevuka, iache. Robo: 1.25, haijavuka, ichukue. Sehemu ya nane: 1.375, ichukue. Ya kumi na sita: 1.4375, imevuka, iache. Ya thelathini na mbili: 1.40625, ichukue. Ya 64 inavuka. Ya 128: 1.4140625, ichukue. Tumefika karibu sana na 1.41421.

Kila sehemu ya namna hii inapatikana kwa kubonyeza √ tu. Andika 2 na ubonyeze mara moja: 1.414214 ni 2^(1/2). Bonyeza tena: 1.189207 ni 2^(1/4). Tena: 1.090508 ni 2^(1/8). Ukibonyeza mara tano kwa jumla unapata 1.021897, ambayo ni 2^(1/32), na mara saba unapata 1.005430, ambayo ni 2^(1/128). Kwa kuwa kujumlisha vipeo ni kuzidisha, kilichobaki ni kuzidisha zile tulizozichukua. Mbili mara 1.189207 ni 2.378414. Mara 1.090508 ni 2.593679. Mara 1.021897 ni 2.650473. Mara 1.005430 ni 2.664865.

Hiyo ni mibonyezo saba ya kipeuo na mara nne za kuzidisha, na tumepungukiwa na chini ya 0.0003. Anayeendelea atakuta kwamba sehemu tano zinazofuata zote zinavuka, na ya kuchukua ni 1/8192. Inahitaji √ kubonyezwa mara 13 kuanzia 2, nayo inatoa 1.0000846, jumla inapanda hadi 2.66509. Namba inayotegwa ni 2.6651441 na kuendelea. Lakini kikokotoo kidogo hukata tarakimu za mwisho kila mara, na makosa hayo yanakusanyika. Mtu atajuaje kwamba amefika ukomo wa chombo chake? Abonyeze √ mara nyingi kwa 2, kisha azidishe namba iliyopatikana na nafsi yake mara zile zile kurudi nyuma. Ikirudi 2 au karibu sana, tarakimu zake bado ni za kuaminika. Ikirudi 1.998, ameshatoka kwenye eneo la kuaminiwa.

Simu nayo, ikiulizwa 2^√2, hujibu papo hapo kwa tarakimu nyingi, lakini inafanya kazi kwa namba zenye idadi maalumu ya tarakimu. Ile √2 iliyomo ndani yake imekatwa mahali fulani. Ni sehemu, tena sehemu yenye namba ya chini iliyo kipeo cha 2. Kwa hiyo hata kompyuta hukokotoa kipeo cha sehemu iliyo jirani na √2. Ukaribu ndio unaotuwezesha kuliamini jibu, na hoja ya riba ndiyo inayotuambia ukaribu huo unatosha kiasi gani.

Bado kuna tundu moja katika hoja, nalo lilibaki wazi kwa muda mrefu. Tumethibitisha kwamba ndani ya mtego hawezi kuwepo zaidi ya mmoja. Hatujathibitisha kwamba yumo hata huyo mmoja.

Leonhard Euler, katika kitabu chake cha mwaka 1748 juu ya hesabu za mambo yasiyo na kikomo, alichukua mfano wa kipeo cha √7 na kusema kwamba thamani yake ni namba maalumu iliyo kati ya kipeo cha 2 na kipeo cha 3. Alikuwa sahihi, na hakuona haja ya kusema zaidi. Augustin-Louis Cauchy, mwalimu wa Paris, alitaka zaidi. Katika kitabu chake cha mafunzo cha mwaka 1821 alieleza kipeo cha namba isiyo sehemu kuwa ni kikomo: namba ambayo vipeo vya sehemu vinaisogelea pale sehemu zenyewe zinapoisogelea namba ile. Hiyo ndiyo maana inayotumika hadi leo. Lakini yeye naye alichukulia kwamba kikomo kipo, kama mtu anayeona njia mbili zinaelekea sehemu moja akaamini kwamba mwisho wake pana kijiji.

Aliyejenga kijiji ni Mjerumani Richard Dedekind. Wazo lilimjia mwaka 1858 alipokuwa akifundisha Zurich, na alilichapisha mwaka 1872. Alisema: zipange sehemu zote katika makundi mawili, la chini na la juu, kila ya chini ikiwa ndogo kuliko kila ya juu. Pale makundi yanapokutana pana mahali pamoja. Ikiwa hakuna sehemu iliyokaa hapo, basi mkato wenyewe ndio namba. Kwa wazo hilo √2 si tena kitu kinachotafutwa gizani. Ni mkato kati ya sehemu ambazo zikizidishwa na nafsi zake hazifiki 2 na zile zinazopita. Na 2^√2 ni mkato kati ya namba zote zinazopitwa na angalau kuta mojawapo ya chini na namba zilizobaki. Dedekind mwenyewe alilalamika kwamba hadi siku zake hakuna aliyekuwa amethibitisha ipasavyo hata kwamba √2 × √3 ni √6. Walimu walikuwa wakiifundisha kwa mazoea.

Ujenzi huu una masharti, na njia nzuri ya kuyaona ni kuyaondoa moja moja.

Ondoa sharti kwamba namba ya chini iwe chanya. Jaribu −2 badala ya 2. Kipeuo cha tano cha namba hasi kipo, kwa hiyo (−2)^(7/5) ni kipeuo cha tano cha −128, yaani −2.63902. Lakini andika sehemu ileile 14/10, na sasa ni kipeuo cha kumi cha +16384, yaani +2.63902. Sehemu moja, majibu mawili yanayokinzana. Hata ukikubali kutumia tu sehemu zilizorahisishwa, mambo hayatengemai. Sehemu 7/5, 17/12 na 41/29 zote ni makadirio mashuhuri ya √2, kila moja bora kuliko iliyoitangulia. Ya kwanza inatoa jibu hasi. Ya pili inadai kipeuo cha kumi na mbili cha namba hasi, ambacho hakipo kati ya namba za kawaida. Ya tatu inatoa hasi tena. Na zipo sehemu nyingine, zenye namba ya juu shufwa na ya chini witiri, zilizo karibu na √2 kiasi chochote utakacho, ambazo zote zinatoa jibu chanya. Njia zinazoelekea mahali pamoja zinaishia pande mbili za sifuri. Hapo hakuna kikomo, na vitabu haviipi (−2)^√2 maana yoyote miongoni mwa namba za kawaida.

Ondoa sharti la mpangilio, na kinachotokea ni cha ajabu zaidi. Mwaka 1905 Georg Hamel alionyesha kwamba kanuni ya kujumlisha peke yake haimfungi mtu. Inawezekana, kinadharia, kuipa kila namba kipeo chake kwa namna ambayo kanuni inaheshimiwa kila mahali, sehemu zote zinapata majibu yao ya kawaida, na bado 2^√2 ikatangazwa kuwa 32. Ukimuuliza anayefanya hivyo akuchoree mchoro, hawezi: nukta zake zimetawanyika kila pembe ya karatasi juu ya mstari wa sifuri, wala hakuna fomula ya kuziandika. Kinachomfichua ni ukuta mmoja tu wa mtego. Namba √2 iko chini ya 1.5, na 2^1.5 haifiki 3, kwa hiyo 32 imeruka juu ya dari. Kanuni inajenga ngazi kwa sehemu, lakini mpangilio ndio unaoziba nafasi kati ya vidato.

Masharti yakitimia, kanuni zote za zamani zinavuka salama hadi upande wa pili. Mfano unaopendeza ni kuichukua 2^√2 na kuipandisha tena kwa kipeo cha √2. Kwa kanuni ya vipeo, jibu linapaswa kuwa 2 kwa kipeo cha √2 × √2, yaani 2^2, yaani 4. Je, ni kweli, au ni mchezo wa alama? Fuata makadirio. Kwa 1.4 kipeo kinakuwa 1.96 na jibu ni 3.8906. Kwa 1.41 ni 1.9881 na jibu ni 3.9671. Kwa 1.414 ni 1.999396 na jibu ni 3.9983. Yanapanda kuelekea 4, na kwa kuwa kikomo ni kimoja tu, jibu ni 4 kamili.

Namba yenyewe iliwahi kuwa fumbo lenye hadhi. √2 si sehemu, lakini angalau ni jibu la mlinganyo mfupi: namba gani ikizidishwa na nafsi yake inatoa 2? Mwaka 1900, mjini Paris, David Hilbert aliwawekea wanahisabati orodha ya maswali ya karne mpya, na katika swali la saba aliitaja 2^√2: je, upo mlinganyo wowote wa namna hiyo, hata mrefu wenye vipeo vikubwa kiasi gani lakini namba zake zote kamili, ambao jibu lake ni hiyo? Carl Ludwig Siegel alisimulia kwamba karibu mwaka 1920 alimsikia Hilbert darasani akisema hakuna hata mmoja ndani ya chumba kile atakayeishi kuona uthibitisho. Mwaka 1930 Mrusi Rodion Kuzmin alithibitisha kwamba mlinganyo huo haupo, na mwaka 1934 Aleksandr Gelfond na Theodor Schneider, kila mmoja kivyake, walilimaliza swali lote. Hilbert alifariki mwaka 1943. Kwa hiyo 2.6651441 na tarakimu zake zisizoisha haina mlango wa nyuma wa kuingilia kupitia mlinganyo wa namba kamili. Wapo wanaoikokotoa kwa logi au kwa mfululizo wa kujumlisha, lakini hizo nazo ni njia za kusogea kuelekea kikomo.

Mpiga fidla anaweza kuitafuta kwa rula. Sehemu ya uzi inayotetema ina urefu wa takriban sentimita 33, na mitetemo huongezeka kadiri urefu unavyopungua: nusu ya uzi ni okteva moja juu. Kwa okteva √2 juu ya uzi wa A, urefu unaobaki ni 33 ukigawanywa kwa 2.66514, yaani sentimita 12.382. D ya kinanda, ile ya hatua 17 kati ya kumi na mbili za okteva, inakaa kwenye 12.361. Kati ya sauti hizo mbili pana milimita 0.2, unene wa karatasi mbili za daftari, na kidole kinachoteleza hupita hapo kabla msikilizaji hajapepesa jicho.